Jinsi ya kusoma taarifa ya pesa za simu mstari kwa mstari, nilivyokaa na bibi yangu muuza nyanya

Bibi yangu anauza nyanya, vitunguu na hoho pale soko la Temeke Stereo na kwa hesabu za kichwani hakuna wa kumgusa, we mwambie sado mbili za nyanya, mafungu matatu ya hoho na kitunguu cha buku, hujamaliza kutoa hela mfukoni keshakupa jumla na chenji yako. Kwa hiyo kama unataka kumfundisha mzee wa namna hii kusoma taarifa ya miamala usimuanzishie darasa la kujumlisha na kutoa, utamuudhi bure. Anachokosa ni kujua nini kimeandikwa wapi kwenye ile karatasi. Akishajua hapo, atakukamata wewe.

Kilichotuleta mezani ni hivi, bibi alikuwa analalamika kwamba kuna mtu anamla hela kwenye simu, na mshukiwa wake wa kwanza alikuwa wakala wa pale getini. Siku moja ya Jumanne akafunga meza akiamini kwenye simu ana 41,000, akaangalia salio akakuta 12,200. Pengo la 28,800 kwa siku moja, na kwa muuza nyanya hiyo siyo hela ya kuacha ipite. Nikamwambia bibi kabla hujaenda kumsema mtu wa watu tuchukue taarifa ya siku hiyo tu tuisome. Chukua siku moja, narudia, siku moja yenye shida unayoijua. Ukimletea taarifa ya miezi mitatu kurasa kumi na kitu atachoka ukurasa wa kwanza na wewe utachoka wa pili.

Kuipata taarifa yenyewe

Kwenye simu yoyote, hata kitochi, unapiga menyu ya mtandao wako. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60#, HaloPesa ni *150*88#. Humo ndani tafuta sehemu ya akaunti yangu, ndo kuna salio na taarifa fupi. Hiyo taarifa fupi inakupa miamala michache tu ya mwisho, kwa mtu wa sokoni anayepokea na kutuma siku nzima haifiki hata saa sita mchana kurudi nyuma, so haikutosha kwetu.

Taarifa kamili unaipata kwenye aplikesheni ya mtandao ukiwa na simu janja, unachagua tarehe ya kuanzia na ya kuishia inakuja faili ya pdf. Bibi ana kitochi, kwahiyo tulienda duka la mtandao wake na kitambulisho cha NIDA, yeye mwenyewe, maana hawampi mjukuu taarifa ya mtu mwingine na wako sahihi. Faili ikiwa imefungwa kwa neno la siri uliza palepale unalifungua vipi kabla hujaondoka. Alafu kuprinti steshenari, mwambie kijana aprinti kwa herufi kubwa, na simama hapo mpaka afute faili kwenye kompyuta yake, na kama ulimtumia kwa wasap akufutie na huko, ile karatasi ina namba na majina ya kila mtu anayefanya biashara na bibi yako.

Usije ukaanza kusoma kwenye kioo cha simu na mzee. Karatasi, kalamu mbili za rangi tofauti, na mwanga wa kutosha. Sisi tulikaa barazani asubuhi ya Jumapili.

Nukta na koma kwanza, kabla ya chochote

Hapa ndo niligundua kitu ambacho sikukitegemea. Nimemwekea bibi karatasi mbele, nikamuuliza hapa unaona shilingi ngapi, pameandikwa 50,000.00. Akatulia, akavua miwani akaifuta kwa kanga, akavaa, akasema, "Milioni tano. Sasa mume wangu, mi milioni tano nimetoa wapi?"

Alikuwa anasoma tarakimu zote kwa mkupuo, sifuri zote sita ni sifuri. Ndo maana meseji za pesa alikuwa hazisomi kabisa, anaona matarakimu yamejaa anampa mtu mwingine amsomee. Dawa yake ni nyepesi, zile sifuri mbili baada ya nukta ni senti, na senti sisi hatuzitumii, kwahiyo weka kidole gumba juu ya nukta na vilivyo kulia kwake, soma kilichobaki. Koma ndo inakwambia elfu zinaishia wapi, kilicho kushoto kwa koma ni elfu ngapi. 50,000 ni elfu hamsini. 1,700 ni elfu moja mia saba. Tukapita karatasi nzima bibi anafunika kwa kidole anataja, mpaka akawa hafuniki tena anaruka mwenyewe kwa macho. Usiende hatua inayofuata kabla hili halijakaa, coz kila kitu kinachokuja kinategemea hapa.

Saa za karatasi siyo saa zetu

Safu ya muda kwenye taarifa inahesabu kwa saa 24 na inaanza usiku wa manane. Mzee ukimwambia muamala ulifanyika saa 14 atakuangalia. Bibi anakumbuka siku yake kwa saa za Kiswahili, anajua alimlipa dalali saa kumi alfajiri, mama ntilie alikuja saa tatu, na kumbukumbu hiyo ndo silaha yenu kubwa kwahiyo lazima muweze kutafsiri.

Tulifanya hivi: kuanzia 07 mpaka 18 unatoa sita, 09:17 ni saa tatu na dakika 17 asubuhi, 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Kuanzia 19 na kuendelea unatoa kumi na nane, 19:08 ni saa moja na dakika nane usiku. Na zile za usiku wa manane mpaka alfajiri, 00 mpaka 06, unaongeza sita, 04:52 inakuwa saa kumi na dakika 52. Bibi alishika kwa mara moja, kutoa sita kwake ni nini. Kinachosumbua kidogo ni tarehe, karatasi inabadili tarehe saa sita usiku wakati kwa bibi siku mpya inaanza jua likizama, kwahiyo "usiku wa Jumatano" wa bibi karatasi itauandika Jumanne. Ukikuta muamala wa usiku hauonekani siku uliyotegemea angalia na siku ya jirani.

Soma kutoka chini kwenda juu

Karatasi nyingi za taarifa zinaweka muamala wa mwisho juu kabisa na wa kwanza chini. Ukianza kusoma juu kama kitabu unasoma siku kinyumenyume, jioni kwanza, na hesabu hazikai. Angalia saa, kama ya juu ni kubwa kuliko ya chini basi anzeni chini. Bibi akasema "kumbe naanza na dalali," ndio, unaanza na dalali.

Alafu kuna safu tatu za pesa na kwa bahati mbaya karatasi ya bibi vichwa vyake vimeandikwa Kiingereza. Paid In ni iliyoingia. Withdrawn ni iliyotoka, na hapa kuwa makini, inatoka kwa njia yoyote ile, kutuma, kutoa kwa wakala, kulipia, kukatwa, zote zinakaa safu hiyo. Balance ni salio baada ya huo mstari. Mitandao mingine inaandika Credit kwa iliyoingia na Debit kwa iliyotoka. Bibi hahitaji kusoma hayo maneno, tukachora kwa kalamu ya kijani juu ya safu ya kuingia na nyekundu juu ya kutoka, na Balance tukaizungushia duara. Basi.

Sasa kazi yenyewe ni moja tu mpaka mwisho wa karatasi. Chukua salio la mstari wa chini, ongeza kijani au toa nyekundu ya mstari wa juu yake, lazima upate duara la huo mstari wa juu. Ikipatikana weka alama ya vema pembeni. Ni kama ngazi, huwezi kukanyaga ya tatu kama ya pili haipo. Ukikuta haipatikani maana yake kuna mstari mmeruka, mara nyingi umejificha kwenye kona ya kubadili ukurasa.

Mistari mapacha

Bibi alianza siku na 64,500. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa hivi, hapa nimeipanga ya mwanzo juu ili uifuate kirahisi, nimeacha vichwa kama vilivyo kwenye karatasi, na tarakimu nimezizungusha kidogo ili hesabu iwe nyepesi kufuata:

```
04:52   Withdrawn 50,000.00   Balance 14,500.00
04:52   Withdrawn  1,000.00   Balance 13,500.00
```

Elfu hamsini anaijua, alimtumia dalali wa Ilala hela ya tenga. Elfu moja je? "Huyo ndo mwizi," bibi akasema, amefurahi kabisa. Nikamwonyesha safu ya kwanza kushoto kwenye karatasi, ambayo hapo juu sijaiweka, namba ya muamala, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Mistari yote miwili ina namba ileile na dakika ileile. Hao ni mapacha, mmoja ni pesa uliyotuma mwingine ni makato ya kutuma. Karatasi inavitenganisha wakati kwenye kichwa cha bibi alituma elfu hamsini basi. Ukikutana na mstari mdogo wenye namba sawa na jirani yake mkubwa, hayo ni makato yake, hakuna mtu katikati.

Kwenye kutoa kwa wakala walikuwa mapacha watatu. Alitoa 30,000 saa nane mchana, ikafuata 1,700 ya mtandao, alafu 300 ya tozo ya serikali. Tozo ndo ile iliyoanza Julai 2021 watu wakapiga kelele, ikapunguzwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo na imekuwa ikibadilishwa baada ya hapo, kwahiyo msikariri kiasi, angalieni bango la makato lililobandikwa kwa wakala au muulize menyu kabla hujathibitisha. Makato ya kila mtandao ni tofauti na yanapanda kwa ngazi za kiasi unachotoa. Kuweka hela kwa wakala ni bure, wakala akikuomba mia tano ya kuweka hiyo ni ya mfukoni mwake. Na kwenye kutoa, makato yanatoka kwenye simu yenyewe, humpi wakala cha ziada mkononi. Hapo tukamsafisha wakala wa getini, maana 30,000 iliyotoka ndo aliyoipokea bibi mkononi na anaikumbuka mpaka noti.

Makato yote ya Jumanne yalikuwa 1,000, 2,000 na 500 ya muamala mwingine nitaouelezea, jumla 3,500. Bibi alikuwa hayahesabu kabisa kwenye kichwa chake. Lakini pengo ni 28,800, bado.

Mstari uliotakiwa kuwepo na haupo

Hapa ndo mwongozo wote ulipo. Watu wakisoma taarifa wanatafuta mstari wa ajabu uliopo, ila kwa mtu wa sokoni mara nyingi tatizo ni mstari ambao haupo.

Nikamwambia bibi nisomee siku yako kwa mdomo, bila karatasi, nani alikulipa kwa simu. Akataja mama ntilie 18,000 saa tatu, yupo, 09:17, salio 31,500 vema. Akataja kijana mmoja mgeni aliyechukua vitunguu na nyanya za hoteli, 25,000, kama saa tano hivi. Alafu mteja wake wa chipsi 12,000 saa sita na nusu na kitu. Huyo wa chipsi yupo, 12:40, salio 43,500. Na 31,500 ukiongeza 12,000 unapata 43,500 kamili. Katikati hapo hakuna nafasi ya 25,000 hata ya kupenyeza. Bibi akapiga hesabu mara mbili, akanyamaza, akasema "lakini meseji si nilionyeshwa, na kwangu iliingia."

Iliingia kweli. Tukafungua kitochi, meseji bado ipo. Nikamwomba aweke ya mama ntilie na ya yule kijana tuzisome zikifuatana, mwisho wake tu:

Ya mama ntilie inaishia, Salio lako jipya ni Tsh 31,500.00

Ya kijana inaishia, Umepokea Tsh 25,000.00, Salio lako jipya ni Tsh 142,300.00

Tazama hapo. Kama ulikuwa na 31,500 ukapokea 25,000 salio lazima liwe 56,500. Aliyetunga meseji anaweza kuiga kila kitu, maneno, tarehe, namba ya muamala ya uongo, ila kitu kimoja hakijui, bibi alikuwa na shilingi ngapi kabla. Kwahiyo anaandika salio la kubuni. Bibi ambaye amejua kufunika senti kwa kidole anaweza kuikamata meseji feki ndani ya sekunde kumi bila simu janja wala mjukuu: salio la meseji iliyopita, ongeza kilichoingia, linganisha. Yeye mwenyewe ndo aliyeona kabla sijamaliza kusema, akapiga kofi kwenye paja, "Laki na arobaini! Ningekuwa nayo ningekuwa naamka saa tisa?"

Alama ya pili ni mtumaji. Meseji za kweli zinaingia kwa jina la huduma na zinajipanga zote kwenye mnyororo mmoja na za zamani. Ya kijana iliingia kutoka namba ya kawaida inayoanzia 07, peke yake. Kwenye kitochi unaiona kabla hata hujafungua, ila bibi alikuwa haangalii nani kaandika. Na usikubali kamwe kusoma meseji kwenye simu ya mteja, hiyo ya kwake haikuhusu, subiri ya kwako na ukiwa na wasiwasi piga menyu uangalie salio. Mteja wa kweli mwenye haraka atanuna kidogo atasubiri.

Kuna na ndugu wa utapeli huu, meseji feki inaingia alafu mtu anapiga simu analia amekosea namba anaomba umrudishie. Jibu ni lilelile, angalia salio kwanza. Kama haijaingia hamna cha kurudisha, na kama imeingia kweli mwambie apige huduma kwa wateja 100 mtandao ndo urudishe, usimtumie mwenyewe.

Pesa iliyoingia ambayo siyo ya kwako

Bado kuna mstari mmoja uliomtatiza bibi, 15:22, saa tisa na dakika 22, safu ya kijani, imeingia 5,500. Hakuna mteja wa 5,500 saa hizo. Tukaifuata:

```
15:22   Paid In    5,500.00   Balance 17,000.00
15:22   Withdrawn 16,500.00   Balance    500.00
15:22   Withdrawn    500.00   Balance      0.00
16:31   Paid In   20,000.00   Balance 20,000.00
16:31   Withdrawn  5,800.00   Balance 14,200.00
```

Ilikuwa hivi. Saa tisa bibi alitaka kumtumia muuza vitunguu 16,500. Kichwani kwake ana 39,500, maana amehesabu na ile 25,000 hewa. Ukweli kwenye simu baada ya kutoa kwa wakala zilibaki 11,500. Akampa simu kijana wa kibanda cha jirani amsaidie kutuma, skrini ikasema salio halitoshi, unataka kuongezewa, bonyeza 1, na kijana akabonyeza 1 akamrudishia simu, "tayari bibi." Hakuwa na nia mbaya, ila bibi alikopeshwa 5,500 bila kujua amekopa.

Mitandao mikubwa ina huduma ya kukuzibia salio pungufu na tabia yake ni moja, pesa yoyote ya kwanza kuingia inakatwa deni na ada palepale. Saa kumi na nusu mama yangu mdogo wa Morogoro akamtumia bibi 20,000, dakika ileile zikakatwa 5,800, yaani 5,500 waliyomkopesha na ada 300. Bibi kila akiangalia anaona mama mdogo ametuma pungufu na alikuwa ameshaanza kumnunia. Kwenye safu ya maelezo hiyo mistari inakuwa na neno kama Overdraft au Repayment, wewe mjukuu ndo uyatafute, ila bibi anatambua kwa njia yake, kijani isiyo na mteja, alafu nyekundu iliyoganda dakika ileile na pesa iliyoingia.

Deni likikaa ada inaendelea kuongezeka, kwahiyo ukikuta kijani ya namna hii na hujaona bado nyekundu yake, weka hela hata kidogo limalizike. Na kama mzee hataki kabisa hii huduma piga 100 uulize jinsi ya kujitoa.

Kufunga hesabu

Baada ya hapo ilibaki vocha ya 2,000 saa moja usiku, salio likawa 12,200 na ngazi ikafika juu. Pengo la 28,800 likawa limevunjika hivi: 25,000 ya meseji feki ambayo haikuwahi kuwepo, 3,500 makato na tozo, 300 ada ya deni. Ile 5,500 yenyewe haimo kwenye pengo coz iliingia ikatoka. Nilimwachia bibi ajumlishe mwenyewe, akafika 28,800 akaandika pembeni ya karatasi kwa mkono wake, na tarakimu zake ni nzuri kuliko zangu.

Hela ya yule kijana mgeni wa meseji feki hairudi kwa mtandao maana hakuna pesa iliyotumwa, mtandao hauna cha kurudisha, kilichoibiwa ni nyanya na vitunguu. Tulichofanya ni kuituma ile meseji feki kwenda 15040, namba ya bure ya kuripoti matapeli wa simu, ukiandika na namba iliyotuma ili waishughulikie. Usiifute kabla ya kuripoti.

Vitu ambavyo sasa anavifanya mwenyewe

Akifungua meza asubuhi anapiga menyu anaandika salio kwenye daftari lake la madeni, juu kabisa ya ukurasa. Malipo ya simu yakiingia anaandika kiasi na anatupia jicho salio la meseji kama limepanda sawasawa, haandiki jina wala saa, hana muda huo na hahitaji. Akituma au akitoa anaandika kiasi na makato yake chini, meseji ya kuthibitisha inayataja. Jioni salio la daftari na la simu yanatakiwa yafanane, yakipishana anajua ni leo, siyo "siku hizi hela zinaisha ovyo".

Namba ya siri anabonyeza mwenyewe. Hili lilichukua muda kuliko koma na nukta, kwa sababu kwake kumpa simu kijana ni heshima na kusaidiana, ukimwambia asimpe mtu anaona unamfundisha uchoyo. Tulikubaliana kijana anaweza kushika simu mpaka kwenye jina la mpokeaji na kiasi, avisome kwa sauti, kisha simu irudi kwa bibi kwa ajili ya namba ya siri. Na skrini ikiuliza kitu chochote ambacho siyo jina na kiasi, anabonyeza kitufe chekundu anaanza upya.

Suala la Lipa Namba kaulizia, nimemwambia tutafanya, ila kumbuka ukiwa na Lipa Namba mauzo yanakaa kwenye akaunti yake na taarifa yake ni karatasi nyingine, ukihamisha kwenda kwenye simu itaonekana imetoka huku imeingia kule, usije ukaihesabu mara mbili.

La mwisho ni la kitochi chenyewe. Nafasi ya meseji ni ndogo na ikijaa meseji mpya haziingii, hela inaingia meseji haionekani, na mteja wa kweli anaonekana tapeli. Kila Jumapili nikienda namfutia matangazo ya bando na michezo ya bahati nasibu, meseji za pesa za wiki hiyo naziacha, na za wiki iliyopita nazifuta tu kama daftari limefanana nazo.